Uliona, au Unadhani?

Katika maghala na viwanda vingi fomu ya kuripoti ajali ni karatasi moja tu. Juu kuna tarehe, jina na kitengo, na chini yake kuna kisanduku kilichoandikwa "Chanzo cha tukio". Msimamizi wa zamu hukijaza ndani ya saa ya kwanza, wakati aliyenusurika bado anatetemeka na bosi ameshapiga simu mara mbili. Jibu huwa neno moja au mawili: uzembe, haraka, kutokuwa makini. Karatasi inapanda ofisini, inagongwa mhuri, inaingia kwenye faili. Kuanzia hapo neno lile linasomwa kama matokeo ya uchunguzi, ingawa uchunguzi wenyewe haujafanyika.

Msimamizi hana kosa kubwa hapo. Ameulizwa chanzo, naye amejibu. Fomu ndiyo iliyomtaka ajue sababu kabla hajapata nafasi ya kuangalia, na haikumpa mahali pa kuandika alichokiona kwa macho yake. Ndiyo maana watu wa usalama kazini wamekuwa wakibishana kwa miaka mingi kuhusu jambo linaloonekana dogo, yaani maneno ya maswali yaliyomo kwenye fomu. Hoja yao ni kwamba yaliyoonekana na yanayodhaniwa yasilale kitanda kimoja, na hasa katika taarifa za nusura ajali, yale matukio ya chupuchupu ambayo hakuna aliyeumia. Hapo hakuna daktari wala polisi atakayekuja kuhakiki. Karatasi ile ndiyo ushahidi wote utakaobaki.

Tuchukue tukio la mfano, la aina ambayo yeyote aliyewahi kufanya kazi ghala la unga ataitambua. Foklifti inatoka ndani ya ghala na paleti yenye mifuko 40 ya kilo 25, tani moja kamili, ikielekea mlango wa kupakilia. Inakata kona ya kushoto karibu na mlango. Mifuko minne ya juu inaanguka. Mmoja unatua mahali ambapo kuli alikuwa amepita na toroli lake sekunde chache kabla. Hakuna aliyeguswa. Baada ya robo saa mifuko imepandishwa tena, sakafu imefagiliwa, na lori linaendelea kupakiwa. Msimamizi anachukua fomu na kuandika:

"Saa 4 asubuhi dereva wa foklifti alikuwa anatokea ghalani kwa mwendo kasi. Kwa kutokuwa makini alikata kona vibaya, mifuko ikateleza na nusura imwangukie kuli aliyekuwa anapita sehemu isiyoruhusiwa. Chanzo: uzembe wa dereva. Hatua: dereva amepewa onyo na atapatiwa mafunzo upya."

Ukiisoma haraka, ni taarifa nzuri. Ina mwanzo, kati na mwisho, na kila mtu ofisini ataielewa. Sasa chukua kalamu uweke alama chini ya kila jambo ambalo mtu angeweza kuliona, kulisikia au kulipima. Foklifti ilitoka ndani: ndiyo. Ilikata kona: ndiyo. Mifuko ilianguka, na kuli alikuwa karibu: ndiyo. Basi, yameisha.

"Mwendo kasi" si kitu kilichoonekana mpaka tuambiwe ni kasi kuliko nini, na nani aliipima. "Kutokuwa makini" ni hali ya moyoni mwa mtu mwingine. "Vibaya" ni hukumu. "Ikateleza" inaonekana kama neno lisilo na hatia, lakini nalo ni dhana: mfuko unaweza kuanguka kwa kuteleza juu ya mwenzake, kwa paleti kuinama, kwa ubao kukatika au kwa kugonga fremu ya mlango. Kila njia ina sababu yake na dawa yake. Na "sehemu isiyoruhusiwa" ingekuwa na maana kama sakafu ingekuwa na mstari uliochorwa. Fomu haisemi kama mstari upo.

Ubaya zaidi uko kwenye yale ambayo hayakuandikwa. Ilianguka mifuko mingapi? Kutoka tabaka la ngapi, na kwa upande gani? Sakafu pale ikoje? Mifuko ilikuwa imefungwa kwa plastiki? Haya yote yalikuwepo yakionekana wazi kwa robo saa, kisha yakafagiliwa. Mwandishi hakuyaandika kwa sababu alikuwa ameshapata jibu, na mtu aliyekwisha kupata jibu hana haja ya kupiga picha ya mfuniko wa mtaro.

Sasa tuseme afisa usalama anafika kabla vitu havijaguswa sana, na anamkuta kuli pale mlangoni. Akimuuliza, "Dereva alikuwa anakimbiza, siyo?" atapata jibu analolitaka. Kijana wa kazi ya kutwa hambishii mtu mwenye kofia nyeupe. Mazungumzo yenye faida huenda hivi:

"Kaka, wakati inatokea ulikuwa wapi?"

"Hapo mlangoni, mzee, nageuza toroli."

"Ulikuwa unatazama wapi?"

"Nje, kwenye lori. Nilikuwa nimempa mgongo."

"Kitu cha kwanza ulichokijua ni kipi?"

"Nilisikia kishindo, ndo! Kama chuma kwa chuma. Kugeuka, mifuko iko chini. Alikuwa spidi, mzee."

"Ulimwona akiwa spidi?"

"Kumwona sikumwona. Ila kwa kishindo kile…"

Hapo imepatikana dhahabu, na wengi huiacha ipite. Kuli hakuiona foklifti ikitembea. Alisikia mlio wa chuma kwa chuma, na ni mlio huo uliomfanya aseme "spidi". Mlio ni jambo lililosikika, spidi ni maelezo yake kuhusu mlio. Fomu yenye akili huandika vyote viwili, ila katika vyumba tofauti: alisikia kishindo cha chuma kabla ya mifuko kuanguka, na anadhani foklifti ilikuwa na mwendo mkali. Ukiandika la pili peke yake, la kwanza linapotea. Na la kwanza ndilo linalokupeleka kutazama sakafuni.

Sakafuni, kwenye kona, kuna mfuniko wa chuma wa mtaro, na umezama. Afisa analaza ubao ulionyooka juu yake na kupima kwa rula: sentimita 4 upande wa ukutani. Kuna alama mbichi ya tairi ukingoni mwa mfuniko. Mifuko minne imeangukia upande wa kushoto wa njia ya foklifti.

Upande wa kushoto ndio ninaotaka tukae nao kidogo. Aliyewahi kusimama ndani ya daladala inayokata kona anajua mwili unakwenda wapi: gari likienda kushoto, abiria wanaegemea kulia. Mzigo ni hivyo hivyo. Kama foklifti ilikata kona ya kushoto kwa kasi kiasi cha kumwaga mzigo, mifuko ilitakiwa iangukie kulia, nje ya kona. Iliangukia ndani ya kona. Dhana ya kasi, kama ilivyoandikwa kwenye fomu ya kwanza, inagongana na kitu ambacho mtu yeyote aliyekuwepo angeweza kukiona, lakini fomu haikuuliza upande.

Mfuniko unaeleza vizuri zaidi. Foklifti haina springi kama gari, kwa hiyo kila shimo la sakafu hufika moja kwa moja kwenye mzigo. Tuseme matairi yake ya mbele yameachana kwa mita moja. Tairi la kushoto likizama sentimita 4, mashine nzima inaegemea kushoto, na kilele cha mzigo kilichopo mita moja na nusu juu ya sakafu kinasogea kama sentimita 6 upande huohuo, kabla hata ya kuhesabu mtikisiko wenyewe. Mifuko ya juu ikiwa imepangwa kwa kusimamishwa mmoja juu ya mwenzake bila kupishanishwa, na bila plastiki ya kuifunga, hakuna kinachoishika.

Je, basi dereva hakuwa na kasi? Hatujui, na taarifa nzuri itasema hivyo. Kupita juu ya shimo kwa haraka huongeza mtikisiko, kwa hiyo mwendo unaweza kuwa ulichangia. Tofauti ni kwamba sasa unakaa kama swali lililo wazi na halijawa hukumu. Hukumu ya "uzembe" ingemfukuza dereva na kuuacha mfuniko pale pale umsubiri dereva mpya.

Kwa nini swali la fomu lina nguvu kiasi hicho? Jaribio moja maarufu lilifanyika Marekani, likachapishwa mwaka 1974 na Elizabeth Loftus na John Palmer. Waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za magari yakigongana, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Swali lilikuwa lile lile kwa wote, isipokuwa kitenzi. Walioulizwa magari "yalipopondana" walikadiria wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa, kama kilomita 65. Walioulizwa "yalipogusana" walikadiria maili 31.8, kama kilomita 51. Katika jaribio la pili waliwaita baada ya wiki moja na kuwauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya 50 walioulizwa kwa kitenzi kikali, 16 walisema ndiyo. Kati ya 50 walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida cha kugonga, waliosema ndiyo ni 7. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika.

Sasa rudi kwenye fomu inayouliza, "Ni kitendo gani kisicho salama kilichosababisha tukio hili?" Swali limeshamwambia shahidi mambo mawili: kwamba kulikuwa na kitendo, na kwamba ndicho kilichosababisha. Kilichobaki ni kujaza jina la mtu. Ukimuuliza kesho yake ulionaje, atakumbuka kitendo.

Swali hilo halikuzuka tu. Mwaka 1931 H. W. Heinrich, mtu wa kampuni ya bima Marekani, alitoa kitabu kuhusu kuzuia ajali viwandani. Alikuwa amepitia taarifa 75,000, nyingine kutoka mafaili ya madai ya bima na nyingi zaidi kutoka kumbukumbu za wenye viwanda, akahitimisha kwamba asilimia 88 ya ajali zilitokana na vitendo visivyo salama vya watu, asilimia 10 na hali ya mitambo na mazingira, na asilimia 2 hazikuzuilika. Namba hizo zimebandikwa kwenye kuta za viwanda kwa vizazi. Wakosoaji wake wameonyesha tatizo lililo wazi ukishaambiwa: taarifa zile zilikuwa zimeandikwa kwa sehemu kubwa na wasimamizi, na msimamizi ana sababu zake za kuona kosa la mfanyakazi kabla ya kuona kosa la sakafu ambayo yeye ndiye anayeisimamia. Kwa maneno mengine, dhana zilizojazwa kwenye visanduku zilihesabiwa, zikawa takwimu. Kisha takwimu zikatumika kutengeneza visanduku vipya, kimoja cha "kitendo kisicho salama" na kingine cha "hali isiyo salama", cha kwanza kikiwekwa juu. Fomu hizo zipo mpaka leo, na kila mwisho wa mwaka zinathibitisha tena kwamba wafanyakazi ni wazembe.

Watu wa ndege walijenga ukuta mahali hapo zamani. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kinachoongoza uchunguzi wa ajali za ndege duniani na ambacho kilipitishwa mara ya kwanza mwaka 1951, kinaipanga ripoti ya mwisho kwa sehemu: kwanza taarifa za ukweli, kisha uchambuzi, kisha hitimisho, kisha mapendekezo. Ndiyo maana ripoti za awali za ajali za ndege huwakera waandishi wa habari. Zinajaa namba za safari, hali ya hewa, urefu wa njia ya kurukia na saa za rubani kazini, na hazisemi nani mwenye makosa. Hazikwepi. Sehemu hiyo bado haijafikiwa.

Ghala la unga halihitaji ripoti ya kurasa mia. Linahitaji karatasi moja yenye vyumba viwili na mlango uliofungwa katikati. Chumba cha kwanza hujazwa na aliyekuwepo, na maswali yake hayana "kwa nini" hata moja. "Ulikuwa umesimama wapi, na ulikuwa unafanya nini?" Hili huja kwanza, kwa sababu linaonyesha mtu aliweza kuona nini. Msimamizi aliyekuja dakika tano baadaye atalazimika kuandika kwamba alikuwa ofisini. Halafu: "Uliona, ulisikia au ulinusa nini, kwa mpangilio?" Halafu: "Kuna ulichoambiwa na mtu mwingine? Nani alikuambia?" Halafu: "Kuna kitu kilichohamishwa kabla ya kuandika fomu hii?" Na nafasi ya mchoro, hata wa mkono: mlango huu hapa, foklifti ile kule, mifuko iliangukia huku. Mchoro una faida ambayo sentensi haina. Huwezi kuchora uzembe.

Jibu la "sijui" au "sikuona" liruhusiwe kwa maandishi juu ya fomu yenyewe. Watu hudhani kuacha nafasi wazi ni aibu, hivyo huijaza na chochote.

Chumba cha pili kinauliza: "Unadhani ilitokea kwa nini?" Wengine hutaka kulifuta swali hili kabisa ili fomu ibaki safi. Mimi naona hilo ni kosa. Mtu aliyefanya kazi na mashine miaka kumi ana dhana zenye thamani, na asipopewa mahali pa kuziweka atazipenyeza kwenye maelezo ya ukweli, zikae humo zikiwa zimevaa nguo za ushahidi. Mpe nafasi yake, iite dhana, kisha ongeza swali moja ambalo ni nadra kulikuta na lina faida kubwa: "Ni kitu gani kikionekana kitaonyesha kwamba dhana hii si sahihi?" Aliyeandika "mwendo kasi" akifikiri kidogo ataandika: mifuko ikiwa imeangukia ndani ya kona. Basi atakwenda kutazama.

Kuna maneno ambayo ukiyakuta kwenye chumba cha kwanza ujue dhana imeruka ukuta. "Kutokana na", "kwa sababu" na "hivyo" ni rahisi kuyanasa. Magumu zaidi ni ya kukanusha. "Hakuangalia nyuma" huonekana kama jambo lililoshuhudiwa, lakini aliyesema hivyo mara nyingi aliona tu kwamba mashine ilirudi nyuma. Kama alimwona dereva uso wake umeelekea mbele wakati mashine inarudi, aandike hivyo. "Alisahau", "alishindwa" na "alipuuza" yote yanadai kujua kilichomo kichwani. Na "hakufuata utaratibu" inatakiwa ivunjwe vipande viwili: utaratibu ulioandikwa unasema nini, na nini kilionekana. Mara nyingi ukifanya hivyo unagundua utaratibu haujaandikwa popote, au umeandikwa kwa Kiingereza na umefungiwa kabatini.

Lugha yenyewe huleta hasara nyingine. Fomu nyingi zimechapishwa kwa Kiingereza. Mfanyakazi anaeleza kwa Kiswahili, karani anaandika kwa Kiingereza, na maelezo ya dakika kumi yanakuwa mstari mmoja wa maneno ya ofisini yaliyozoeleka, uzembe ukiwa la kwanza mkononi. Kile kishindo cha chuma hakivuki. Dawa ni rahisi: andika maneno ya shahidi kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasema, na tafsiri ije baadaye ikihitajika. Saa nazo zina mtego. Shahidi akisema "saa nne na dakika ishirini", kamera ya mlangoni inaonyesha 10:20, na karani akiandika 4:20 bila kusema ni saa gani, miezi miwili baadaye mtu wa bima atatafuta picha za jioni. Fomu iwe na nafasi ya kuandika saa na nafasi ya kuandika saa hiyo imesomwa wapi.

Baada ya vyumba hivyo viwili, mchunguzi ndiye anayekusanya. Taarifa ya tukio letu ikiandikwa upya inaonekana hivi:

J1. Mifuko 4 kati ya 40 ilianguka kutoka matabaka mawili ya juu, yote upande wa kushoto wa njia ya foklifti. (Picha za afisa usalama, kabla ya kuondolewa.)

J2. Kuli alisikia kishindo cha chuma, akageuka, akaona mifuko chini. Hakuiona foklifti ikikata kona. (Maelezo yake.)

J3. Mfuniko wa mtaro kwenye kona umezama sentimita 4 upande wa ukutani. Kuna alama mpya ya tairi ukingoni. (Kipimo na picha.)

J4. Katika matabaka mawili ya juu mifuko haikupishanishwa. Matabaka ya chini yamepishanishwa. (Picha ya paleti.)

J5. Paleti haikufungwa plastiki. (Picha, msimamizi amethibitisha roli limeisha tangu juzi.)

J6. Mwendo wa foklifti haukupimwa. Dereva anasema alikuwa anatembea taratibu. Kamera haifiki kwenye kona hiyo.

Kila jambo lina namba, na kila namba ina mahali ilipotoka. Hapo ndipo ukurasa wa pili unaruhusiwa kuanza na sababu, kwa sharti moja: kila sababu itaje namba zake. "Tairi la kushoto lilizama kwenye mfuniko, mzigo ukaegemea kushoto (J1, J2, J3), na mifuko ya juu haikuwa na cha kuishikilia (J4, J5)." Ukiandika "dereva hakuwa makini" na kutafuta namba ya kuweka kwenye mabano, hupati. Mabano matupu yana nguvu kuliko mafunzo ya siku mbili ya kuwasihi wasimamizi wasilaumu.

Lakini ukuta huu nao una nyufa. Hata chumba cha kwanza kina uchaguzi ndani yake. Afisa aliyepiga picha mfuniko hakupiga picha taa ya kona, na labda kona ni ya giza. Orodha ya mambo yaliyoonekana si picha kamili ya tukio, ni picha ya mahali macho yalipoelekezwa. Kwa hiyo baadhi ya fomu huongeza mstari mmoja, "Hatukuangalia", na mchunguzi anaandika: taa, breki, saa ambazo dereva amekuwa kazini. Mstari huo hauchukui hata dakika moja kuujaza, na anayesoma baadaye anajua pa kuanzia.

Ufa mwingine hauzibwi na maneno. Kama kila fomu ya nusura ajali inaishia kwa barua ya onyo, wafanyakazi watajifunza kutoandika, na karatasi yenye maswali mazuri kuliko yote itakaa kwenye droo. Urefu nao unaua. Kuli hawezi kujaza kurasa nne akiwa na lori linamsubiri. Chumba cha kwanza kitosheke na nusu ukurasa, na mtu aweze kukieleza kwa mdomo huku mwenzake akiandika.

Imebaki sehemu ya hatua. Kanuni ni ile ile: kila hatua iguse namba. Kuinua mfuniko mpaka ulingane na sakafu kunagusa J3, kupishanisha mifuko mpaka juu kunagusa J4, na kuweka akiba ya roli za plastiki kunagusa J5. Onyo kwa dereva haligusi kitu, kwa hiyo linaondoka. J6 inahitaji kazi, maana mwendo bado haujulikani. Chora mistari miwili sakafuni iliyoachana mita 10, na kwa siku kadhaa pima kwa simu muda ambao foklifti zinautumia kati yake, madereva wote, zamu zote. Sekunde 7 ni mwendo wa mtu anayetembea. Sekunde 4 ni kilomita 9 kwa saa. Ikionekana wote wanapita kwa sekunde 4 kila asubuhi malori yanapopanga foleni getini, na mchana wanarudi kwenye 7, hilo litaandikwa J7, na swali la kwenda kuulizwa litakuwa la ratiba ya malori.